Kutafuta sproketi ya nyuma kwa picha: mwongozo wa aliye kijijini na aliye dukani

Pikipiki imekatika meno ya sproketi huko Mahuta, duka lenye mzigo liko Mtwara mjini, na kati yao kuna simu tu. Picha inatumwa, aliyepo mjini anaingia dukani, anaifungua mbele ya muuzaji na kusema, "Nataka kama hii." Muuzaji anatazama, anashusha sproketi kutoka ukutani, pesa inalipwa, mzigo unapandishwa kwenye gari la Tandahimba. Jioni simu inapigwa: matundu hayaingiliani na hab. Meno ni yaleyale, umbo ni lilelile, rangi pia, lakini haifungi.

Mimi nashughulika na spea za pikipiki, na picha za namna hii hunijia hasa msimu wa korosho, wakati pikipiki zinabeba magunia kwenye mchanga na cheni zinavutwa kuliko kawaida. Nimechagua kueleza sproketi ya nyuma peke yake, kwa sababu mbili. Ni spea inayofanana sana machoni na kutofautiana sana kwa vipimo. Halafu ni miongoni mwa spea chache ambazo picha yake, ukijua kuisoma, inakupa vipimo kwa milimita hata kama hakuna rula iliyowekwa pembeni. Nitaeleza namna gani.

Unachotafuta hasa

Jina la pikipiki ni mwanzo tu. Pikipiki nyingi zinazozunguka Newala, Tandahimba na Masasi zimeshabadilishwa rimu au hab ya nyuma angalau mara moja, na fundi aliweka iliyopatikana siku hiyo. Kwa hiyo pikipiki inaweza kuwa ya kampuni moja na hab ikawa ya nyingine. Uliza jina na ukubwa wa injini, andika, kisha usiliamini mpaka vipimo vikubaliane nalo.

Sproketi inafunga au haifungi kwa mambo haya: saizi ya cheni inayoiendesha, idadi ya meno, upana wa tundu la katikati, idadi ya matundu ya bolti pamoja na umbali kati ya tundu na lile linalotazamana nalo, na kama bati lake ni bapa au limebonyea. Hayo mengi yanaweza kusomwa kwenye picha nzuri ya mbele. Unene wa meno, unaothibitisha saizi ya cheni, na kubonyea vinahitaji picha ya ubavuni.

Hatua ya kwanza: omba picha upya

Picha ya kwanza inayotumwa karibu kila mara haifai. Imepigwa mtu akiwa amesimama, sproketi ikiwa bado kwenye tairi, imejaa grisi na mchanga, nayo inaonekana kama yai badala ya duara. Usianze kukisia nayo. Mwambie aliye na pikipiki afungue tairi la nyuma, atoe sproketi kwenye hab, aifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kisha ailaze chini kwenye sakafu au ubao.

Simu iwe juu yake moja kwa moja, si kwa kuinama pembeni. Watu wengi husogeza simu karibu ili sproketi ijaze kioo, na hapo ndipo picha inapoharibika: lenzi ya simu ikiwa karibu sana hukikuza cha katikati na kubana kingo, hivyo tundu la katikati linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Asimame kiasi cha mita moja, kisha akuze picha kidogo kwenye kamera yenyewe. Rula ya shule ilazwe juu ya bati la sproketi, si chini sakafuni, maana kilicho chini kiko mbali zaidi na kamera na kitasomeka kidogo.

Anatakiwa kupiga picha nne. Moja ya mbele, moja ya nyuma, moja ya ubavuni simu ikiwa sawa na sakafu, na moja ya hab mahali sproketi inapokaa. Hiyo ya nne husahaulika sana, nayo ndiyo inayoonyesha bega la hab, ile sehemu ya duara iliyoinuka ambayo tundu la katikati la sproketi huvaa juu yake.

Kama anatuma kwa WhatsApp, atumie `Document` au aguse `HD` kabla ya kutuma. Picha ikitumwa kawaida hupunguzwa, na maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma hufutika.

Hatua ya pili: tafuta maandishi, kisha saizi ya cheni

Kuza picha ya mbele na ya nyuma, zunguka bati lote polepole. Sproketi nyingi zina alama iliyogongwa kama `428-42T` au `42T` tu. Namba ya kwanza ni saizi ya cheni, ya pili ni idadi ya meno. Ukiipata umeokoa kazi nusu, lakini haikuambii lolote kuhusu matundu, kwa hiyo usiishie hapo.

Ikiwa imelika na haisomeki, angalia cheni. Kwenye bati la kila kiungo, au kila baada ya viungo kadhaa, huwa pamegongwa `428` au `428H`. H maana yake ni cheni nzito zaidi, lakini inakaa kwenye sproketi ileile ya 428. Pikipiki za mizigo na abiria za injini ya 100 mpaka 150 kwa sehemu kubwa hutumia 428. Ndogo zaidi hutumia 420, na kubwa za injini ya 200 na kuendelea mara nyingi hutumia 520.

Hapa kuna mtego. Cheni ya 420 na ya 428 zina hatua moja, yaani kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7 kwa zote mbili. Kwenye picha ya mbele sproketi zake huwezi kuzitofautisha. Tofauti ni upana: ndani ya kiungo cha 428 mna karibu milimita 8, na ndani ya 420 mna zaidi kidogo ya 6. Ndiyo maana jino la sproketi ya 428 lina unene wa karibu milimita 7 na la 420 halifiki 6. Picha ya ubavuni yenye rula ndiyo itakayoamua. Unene upimwe kwenye shina la jino, si ncha, kwa sababu ncha huwa imeshaliwa na cheni.

Hatua ya tatu: hesabu meno hata kama yamekatika

Usihesabu meno, hesabu mabonde kati ya meno. Jino likikatika, bonde lake la kushoto na la kulia bado huonekana, hata kama ni nusu.

Kama kipande chote kimeondoka na mabonde hayaonekani, tumia matundu ya bolti. Matundu yakiwa manne au sita, kila moja lina mwenzake anayetazamana naye upande wa pili. Vuta mstari kwa kalamu kutoka tundu moja, kupitia katikati, hadi la pili. Mstari huo umeigawa sproketi nusu kwa nusu. Hesabu mabonde ya nusu iliyobaki nzima, zidisha kwa mbili. Ukipata 21, sproketi ni ya meno 42. Ukipata 20 na mstari umeishia katikati ya jino upande mmoja na bondeni upande mwingine, nusu ni 20 na nusu ya jino, hivyo jumla ni 41. Anza kuhesabu kwa kuweka alama ya rangi kwenye bonde la kwanza, vinginevyo utalirudia.

Hesabu mara ya pili kwa mwelekeo mwingine. Kukosea jino moja hapa kunavuruga hatua inayofuata.

Hatua ya nne: sproketi ijipime yenyewe

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ningependa kila anayeuza spea apajue. Hatua ya cheni haibadiliki: kwa 420 na 428 ni milimita 12.7, iwe imetengenezwa China au India. Kwa kuwa meno yamepangwa kufuata hatua hiyo, ukijua idadi ya meno unajua ukubwa halisi wa sproketi. Na ukijua ukubwa halisi wa sproketi, kila kitu kingine kilichomo kwenye picha hiyohiyo kinapimika.

Kipimo cha kutumia ni kutoka chini ya bonde moja hadi chini ya bonde linalotazamana nalo. Ncha za meno zimelika, hazifai. Mabonde nayo hulika, ila kidogo zaidi, na ukichagua upande ambao haukuchakaa sana kosa ni dogo. Kwa sproketi ya 428 yenye meno 42, umbali huo ni milimita 161.4. Kila jino likiongezeka, umbali huongezeka kwa milimita 4 na kidogo; likipungua, hupungua vilevile. Basi meno 40 ni karibu 153.4, na meno 45 ni karibu 173.5. Meno yakiwa idadi witiri hakuna bonde linalotazamana na jingine sawasawa. Chukua lililo karibu zaidi na upande wa pili, tofauti haifiki milimita moja.

Anayetaka hesabu kamili kwa sproketi ya 428 yenye meno N ni hii, jibu likiwa kwa milimita:

```
12.7 / sin(180° / N) - 8.5
```

Sasa fungua picha kwenye kompyuta. Ukienda kwenye duka lolote la steshenari, programu ya `Paint` ipo. Ukisogeza mshale juu ya picha, chini kushoto huonekana namba mbili zinazoonyesha mshale ulipo kwa nukta za picha. Chagua mabonde mawili yanayotazamana yaliyolala kwenye mstari mmoja wa mlalo, kisha soma namba ya kwanza kwenye kila bonde na utoe ndogo kwenye kubwa. Kama huna kompyuta, kuza picha kwenye simu mpaka sproketi ijaze kioo, ipige picha ya skrini ili isiteleze tena, kisha weka rula juu ya kioo. Hiyo ya simu inakupa kosa la milimita moja au mbili, ya kompyuta ni bora zaidi.

Kabla ya kuamini chochote, pima sproketi kwa mlalo na kwa wima. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya moja kwa mia, picha imepigwa kwa kuinama. Omba nyingine. Ikishindikana kabisa, pima kila kitu kwa kufuata upande ule mrefu wa duara, maana upande huo ndio haukufupishwa na kuinama kwa simu.

Picha ya Mahuta, namba kwa namba

Nichukue mfano wa pikipiki ya injini ya 125, cheni imegongwa `428H`, sproketi imekatika meno matano mfululizo. Kijana mwenye pikipiki alisema ni ya "kawaida tu, zile za matundu manne". Nusu nzima ilitoa mabonde 21, kwa hiyo meno 42.

Kwenye kompyuta, bonde hadi bonde ilisoma nukta 1,210. Umbali halisi ni milimita 161.4, hivyo kila milimita moja ni nukta 7.5. Baada ya hapo ni kugawa tu. Tundu la katikati lilikuwa na nukta 435, sawa na milimita 58. Kutoka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya lile linalotazamana nalo kulikuwa na nukta 600, sawa na milimita 80. Tundu la bolti lenyewe lilikuwa na nukta 79, sawa na milimita 10 na nusu.

Hilo la mwisho ni dogo mno kupimwa kwenye picha bila shaka, kwa hiyo nilimuuliza alitumia spana namba ngapi kufungua. Akasema 14. Bolti ya milimita 10 hufunguliwa kwa spana 14 au 17, ya milimita 8 kwa 12 au 13. Majibu yakakubaliana.

Dukani kulikuwa na sproketi mbili za meno 42 zenye matundu manne. Zikiwa zimening'inia ukutani ungeapa ni moja. Ya kwanza tundu la katikati lilikuwa milimita 64, ya pili 58. Matundu ya bolti ya zote mbili yalikuwa na umbali wa 80. Maana yake ile ya kwanza ingeingia kwenye bolti, ingekazwa, na fundi angesema imefunga.

Lakini isingekuwa imefunga. Bega la hab ndilo linaloiweka sproketi katikati. Bolti kazi yake ni kuibana tu. Tundu likiwa na nafasi ya milimita sita zaidi, sproketi hukaa upande mmoja, na cheni huwa inakaza na kulegea kila tairi linapozunguka. Dalili yake ni rahisi: simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zungusha tairi kwa mkono polepole na ubonyeze cheni katikati. Ikiwa pengine inacheza vidole viwili na pengine imekaza kama waya, sproketi haiko katikati. Mzigo wote sasa unabebwa na bolti, na barabara ya kushuka Newala haitazichukua muda mrefu kuzikata.

Kinyume chake, tundu likiwa dogo, nimeona mafundi wakilipanua kwa tupa. Mkono hauwezi kutoa duara kamili, na matokeo ni yaleyale. Rudisha dukani.

Matundu yasipokuwa manne wala sita

Hab zenye bolti tatu au tano zinasumbua kwa sababu hakuna tundu linalotazamana na jingine. Hapo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake. Kwa matundu matatu zidisha kwa 1.155, kwa matano zidisha kwa 1.7, ndipo upate upana wa duara la bolti utakaoulinganisha na wa dukani.

Hatua ya tano: ubavuni

Picha ya ubavuni ina swali moja: bati ni bapa, au meno yamesogea mbele au nyuma ya sehemu inayofungwa? Laza rula juu ya meno na uangalie kama kuna mwanga kati ya rula na sehemu ya katikati. Iliyobonyea milimita 5 ikibadilishwa na bapa, cheni inavutwa upande, na baada ya muda mfupi utaona meno yanang'aa upande mmoja tu huku upande mwingine una vumbi. Angalia pia kama sproketi ya zamani iliwekwa na uso gani nje. Muulize mwenye pikipiki, au tazama upande wenye alama za vichwa vya bolti.

Hatua ya sita: dukani, kabla ya kulipa

Usimwonyeshe muuzaji picha kwanza. Mpe namba: cheni 428, meno 42, katikati 58, bolti nne, umbali 80, bapa. Picha humfanya atafute inayofanana, namba humfanya achukue rula. Wauzaji wengi wa Mtwara na Masasi wana venia nyuma ya kaunta, na ukiwaomba kwa upole, "Mjomba, naomba unipimie tundu hili," hawakatai. Picha yako ina kosa la kama milimita moja, kwa hiyo 57.5 au 58.5 kwenye venia isikutishe. Ikija 60, usichukue. Muulize kama anayo ya hab nyingine.

Kama namba zinakaribiana na huna uhakika, kuna njia ya zamani ambayo bado inafanya kazi: aliye kijijini alaze sproketi iliyovunjika juu ya boksi gumu, achore tundu la katikati na matundu ya bolti kwa kalamu yenye ncha nyembamba, akate na kulituma na abiria. Boksi hilo likivaa bega la hab yake kabla ya kutumwa, basi ndilo kipimo. Inachukua siku moja zaidi, lakini ni nafuu kuliko kutuma chuma kwenda na kurudi.

Ikiwa ya meno 42 hakuna

Mara nyingi ipo ya 45 yenye matundu sawasawa. Inafunga, na kwa anayebeba korosho kwenye mchanga inaweza hata kumfaa, maana pikipiki itavuta kwa nguvu zaidi. Ila injini itazunguka zaidi kwa karibu saba kwa mia katika mwendo uleule, na mafuta yataonekana kwenye safari ndefu za lami. Cheni nayo itahitaji urefu zaidi, karibu kiungo kimoja na nusu. Kama tairi limeshavutwa nyuma mpaka mwisho wa virekebishio, unaweza kulisogeza mbele ikatosha. Kama liko mbele tayari, cheni haitafika.

Kitu kimoja cha kupima kabla gari halijaondoka na mzigo ni cheni ya zamani. Avute cheni ikaze, apime viungo 20 kutoka pini hadi pini. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259, imeshavutika, na haitakaa vizuri kwenye mabonde ya sproketi mpya. Itapanda juu ya meno na kuyala ndani ya miezi michache. Hapo nunua seti nzima, yaani sproketi kubwa, ndogo na cheni. Sproketi ndogo ya mbele ipigiwe picha vilevile, na kwenye hiyo hesabu meno ya nje pamoja na meno ya ndani yanayoshika shafti, kwa sababu zinatofautiana hapo kuliko mahali pengine popote.